Ujumbe Mmoja wa Wasilisho la Dakika Kumi: Namna ya Kuuchagua Kabla ya Kutengeneza Slaidi

Ujumbe mkuu wa wasilisho ni sentensi moja kamili inayosema jambo ambalo msikilizaji anapaswa kuondoka nalo ukumbini. Sentensi hiyo huandikwa kwanza, kwenye karatasi, kabla kompyuta haijafunguliwa. Hoja, mifano, picha na slaidi huchaguliwa baadaye kwa kipimo chake: kinachoisaidia hubaki, kisichoisaidia huondoka hata kama ni cha kweli na cha kuvutia.

Mwongozo huu unafuata hatua za kuipata sentensi hiyo, na unatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Afisa ugani wa kata katika Mkoa wa Dodoma amepewa dakika 10 kuzungumza na viongozi wa vikundi vya wakulima, majuma machache kabla ya mavuno ya mahindi. Kwenye ratiba ya mkutano, kipindi chake kimeandikwa "Sumukuvu katika mahindi".

Mada si ujumbe

"Sumukuvu katika mahindi" ni mada. Inataja eneo la mazungumzo lakini haisemi lolote kulihusu. Mtu akiisoma hawezi kukubali wala kukataa, kwa kuwa hakuna kilichodaiwa. Wasilisho linalojengwa juu ya mada peke yake hugeuka orodha: kuvu ni nini, sumu yake huzalishwaje, madhara kwa afya, madhara kwa biashara, viwango vya sheria, njia za kuzuia. Kila kipengele kina haki yake ya kuwemo, kwa hiyo hakuna kinachoweza kukatwa, na dakika kumi huisha kabla ya njia za kuzuia kufikiwa.

Ujumbe una alama tatu zinazoutofautisha na mada. Kwanza, una kitenzi, na kitenzi hicho kinadai jambo. Pili, mtu mwenye akili timamu anaweza kuupinga au kuuliza ushahidi wake. Tatu, unamgusa msikilizaji aliyemo ukumbini, ama kwa kubadili anachoamini au kwa kubadili atakachofanya. Sentensi inayokosa alama ya pili ndiyo inayodanganya zaidi. "Sumukuvu ni hatari kwa afya" ina kitenzi na imekamilika, lakini hakuna kiongozi wa kikundi atakayesimama kuipinga. Jambo ambalo wote wamelikubali kabla ya kuingia halihitaji dakika kumi.

Kwa nini sentensi itangulie slaidi

Programu ya kutengenezea slaidi hufunguka ikiwa na nafasi ya kichwa cha habari na chini yake nafasi ya vipengele. Umbo hilo linamwalika mwandaaji kujaza, na anachojaza ni kile kilicho karibu: vipande vya ripoti, jedwali lililokwisha chapwa, slaidi za mkutano uliopita. Baada ya saa mbili kuna slaidi 20 zilizopangwa vizuri, na kila moja imegharimu kazi. Kuifuta sasa kunauma, hivyo mwandaaji huanza kutafuta maneno ya kuziunganisha slaidi alizonazo. Sentensi ya ujumbe, kama itaandikwa wakati huo, itakuwa imetungwa ili kufunika kila kilichomo, na sentensi inayofunika kila kitu huwa pana mno kiasi cha kutosema kitu.

Karatasi haina umbo hilo. Sentensi mbovu iliyoandikwa kwa kalamu hufutwa kwa mstari mmoja na hakuna kilichopotea.

Dakika kumi ni dakika nane

Kabla ya kuchagua ujumbe ni vema kujua ukubwa halisi wa chombo. Katika mikutano mingi ya kwetu mzungumzaji huanza na itifaki: kumtambua mgeni rasmi, mwenyekiti wa kijiji, viongozi wa dini na wajumbe. Itifaki ikifupishwa vizuri huchukua karibu dakika moja. Kusogea mbele, kurekebisha kipaza sauti na kungoja projekta iitike huchukua nyingine. Yaliyobaki ni dakika nane.

Mzungumzaji asiye na haraka husema Kiswahili kwa kasi ya maneno 100 hivi kwa dakika. Kila mtu ana kasi yake, na njia ya kuijua ni kusoma kwa sauti ukurasa wowote kwa dakika moja huku saa ikihesabu, kisha kuhesabu maneno yaliyosomwa. Kwa kasi ya maneno 100, dakika nane ni maneno 800, yaani chini ya kurasa mbili zilizochapwa. Humo ndani lazima ujumbe utamkwe mwanzoni, utetewe, uonyeshwe kwa mfano, kisha utamkwe tena mwishoni. Dakika moja ya kufungua na moja ya kufunga zikitolewa, zinabaki sita, na dakika sita zinatosha hoja tatu za dakika mbili mbili. Ujumbe wa pili hauna pa kukaa. Ukilazimishwa, kila mmoja unapata dakika tatu, na dakika tatu hazitoshi kumfanya mtu abadili desturi aliyoizoea kwa miaka.

Waliomo ukumbini

Ujumbe hauchaguliwi kwa kuangalia mada peke yake. Huchaguliwa mahali mada inapokutana na watu fulani. Maswali matatu hutosha kuwaelewa watu hao, na majibu yake huandikwa kwa sentensi fupi.

Swali la kwanza: kwa sasa wanafanya au wanaamini nini kuhusu jambo hili? Katika mfano, viongozi wa vikundi wanajua neno sumukuvu. Wengi wanakumbuka mlipuko wa mwaka 2016 uliogusa mikoa ya Dodoma na Manyara. Wanaamini kwamba mahindi mabaya hutambulika kwa macho, kwa rangi ya kijani au nyeusi kwenye punje. Ukavu wanaupima kwa kung'ata punje au kwa kuichota mkononi na kusikiliza mlio wake.

Swali la pili: ni kipi wanachoweza kukibadilisha kwa uwezo wao wenyewe? Hawawezi kuzuia ukame shambani, hawana maabara, na wengi hawana kipima unyevu. Wanachoamua wenyewe ni siku ya kuvuna, mahali pa kuanikia, na siku ya kufunga gunia.

Swali la tatu: ni nini kitakachowazuia hata wakikubali? Mvua za mwisho wa msimu, wizi wa mahindi yaliyo nje, na mnunuzi anayefika na fedha taslimu kabla mahindi hayajakauka.

Majibu haya yanapunguza uwanja kabla hata sentensi moja haijaandikwa. Lolote lisilo ndani ya uwezo wa waliomo haliwezi kuwa ujumbe wao, ingawa linaweza kuwa ujumbe mzuri mbele ya maofisa wa wilaya au wafanyabiashara wa soko la nafaka la Kibaigwa.

Kumwaga yote, kisha kuuliza "kwa hiyo?"

Hatua inayofuata ni kutoa kichwani kila kitu kinachojulikana kuhusu mada. Kila jambo huandikwa kwenye kipande chake cha karatasi, bila mpangilio, kwa muda usiozidi dakika 15. Afisa ugani ataandika kwamba sumukuvu huzalishwa zaidi na kuvu wa jamii ya *Aspergillus*. Kwamba haionekani kwa macho. Kwamba kupika hakuiondoi. Kwamba huharibu ini. Kwamba mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwamba kiwango cha juu cha unyevu kwa mahindi ya biashara katika Afrika Mashariki ni asilimia 13.5; kwamba mifuko isiyopitisha hewa huua dumuzi; kwamba chumvi na chupa vinaweza kupima ukavu; kwamba turubai huzuia mahindi yasiguse udongo.

Kisha kila kipande huulizwa swali moja: "Kwa hiyo msikilizaji huyu afanye nini, au aamini nini?" Vipande visivyo na jibu huwekwa kando. Jina la kuvu halina "kwa hiyo" kwa mkulima. Kutoonekana kwa sumu kunayo: asitegemee macho. Asilimia 13.5 inayo, lakini mwenye kipima unyevu ndiye anayeweza kuifuata. Chumvi na chupa vinayo moja kwa moja.

Kutokana na majibu hayo huandikwa sentensi tatu au nne zinazogombea nafasi ya ujumbe. Kuandika moja tu ni hatari, kwa sababu sentensi ya kwanza kwa kawaida ni ile iliyosikika mara nyingi kwa wengine. Wagombea wa mfano huu ni hawa:

1. Sumukuvu ni hatari kwa afya na kwa uchumi wa mkulima.
2. Kila mkulima ahifadhi mahindi yake kwenye mifuko isiyopitisha hewa.
3. Mahindi makavu hayana sumukuvu.
4. Gunia lifungwe pale tu chumvi inapoacha kushika kwenye chupa.

Vipimo vinne vya kumpata mshindi

Kipimo cha kwanza ni cha kukanusha. Sentensi hugeuzwa kinyume chake, na mwandaaji hujiuliza kama yupo mtu anayeamini au anayetenda kinyume hicho. Kinyume cha mgombea wa kwanza ni "sumukuvu haina hatari", na hakuna anayekitetea. Kinyume cha mgombea wa nne ni "gunia laweza kufungwa hata kama chumvi inashika", na hicho ndicho kinachotendeka majumbani kila msimu, kwa kuwa hakuna anayepima. Sentensi ambayo kinyume chake kinaishi mitaani ina kazi ya kufanya.

Kipimo cha pili ni cha kiungo "na". Kila "na", "pia" au "vilevile" iliyomo hukaguliwa. Ikiwa pande zake mbili zinaweza kusimama kama sentensi mbili kamili, kuna jumbe mbili zinazopigania dakika nane zilezile. Afya ina ushahidi wake, uchumi una ushahidi wake, na mgombea wa kwanza anaanguka hapa kwa mara ya pili.

Kipimo cha tatu ni cha uwezo. Je, msikilizaji anaweza kuanza kulitenda jambo hili kabla ya mwezi kwisha, kwa vitu alivyo navyo? Mgombea wa pili anayumba. Mfuko usiopitisha hewa hugharimu zaidi ya gunia la kawaida na haupatikani kila duka. Ana kasoro nyingine iliyo nzito zaidi: mfuko huo huua wadudu kwa kuwanyima hewa, lakini haukaushi nafaka. Mahindi mabichi yakifungwa humo yataharibika humohumo. Ushauri wa mfuko unasimama baada ya ushauri wa ukavu, hivyo hauwezi kutangulia.

Kipimo cha nne ni cha ukweli, nacho ndicho hurukwa mara nyingi. Kadiri sentensi inavyofupishwa ili ikumbukwe, ndivyo masharti yake yanavyodondoka, na mwishowe inaweza kusema zaidi ya inavyojulikana. Mgombea wa tatu ni mfupi na mtamu masikioni, lakini si kweli. Mahindi yaliyopata ukame au kushambuliwa na wadudu yanaweza kuingia sumu yakiwa bado shambani, na kuyakausha baadaye huzuia kuvu kuendelea kukua bila kuiondoa sumu iliyokwishaingia. Msikilizaji atakayeondoka na sentensi hiyo atakula mahindi makavu bila shaka yoyote. Ujumbe unaokumbukwa vizuri ukiwa na kosa hudhuru kuliko usiokumbukwa.

Mgombea wa nne naye hupimwa kwa ukali uleule. Kipimo cha chumvi hufanywa hivi: chupa kavu yenye kifuniko hujazwa mahindi hadi theluthi yake, huongezwa vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri, hutikiswa kwa nguvu dakika moja, kisha huachwa itulie kama dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, unyevu wa mahindi umezidi asilimia 15 hivi. Isiposhika, uko chini ya hapo. Lakini kati ya asilimia 15 na 13.5 ipo nafasi ambayo chumvi haiioni. Kusema "lifungwe pale tu chumvi inapoacha kushika" kunamfanya msikilizaji aamini kwamba chumvi isiposhika kila kitu kiko salama, na hilo halijathibitishwa na kipimo.

Dawa ni kuigeuza sentensi ielekee upande ambao ushahidi unaubeba bila shaka. Chumvi inaposhika, mahindi bado ni mabichi. Hilo ni hakika. Sentensi inakuwa: "Gunia la mahindi lisifungwe iwapo chumvi bado inashika kwenye chupa." Haiahidi usalama wa yasiyoshika, inakataza yanayoshika. Ufafanuzi kwamba baada ya hapo mahindi yaongezwe muda wa juani, na kwamba ya kuhifadhiwa muda mrefu yapimwe kwa kipima unyevu cha ofisi ya kata au cha chama cha ushirika pale kinapopatikana, utakaa ndani ya hoja. Sentensi imebaki fupi, na sasa ni ya kweli.

Urefu na lugha ya sentensi

Chris Anderson, aliyeongoza mikutano ya TED kwa miaka mingi, anashauri katika kitabu chake cha mwaka 2016 kwamba uzi unaoshikilia hotuba usizidi maneno 15. Kipimo hicho kimewekwa kwa Kiingereza. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo maneno 10 au 12 yanatosha. Sentensi iliyopatikana hapo juu ina maneno 10.

Maneno yachaguliwe miongoni mwa yale ambayo msikilizaji mwenyewe angeyatumia nyumbani. "Udhibiti wa unyevu baada ya mavuno" ni lugha ya ripoti, na hakuna atakayeipeleka kwa jirani. Gunia, chumvi na chupa ni vitu vinavyoonekana na kushikika, na kila kimoja kitamkumbusha msikilizaji ujumbe atakapokiona tena. Nomino za jumla kama "umuhimu", "changamoto" na "uboreshaji" zikionekana katika sentensi ya ujumbe, ni dalili kwamba jambo lenyewe bado halijapatikana.

Jaribio kwa mtu mmoja

Sentensi iliyoshinda kwenye karatasi hujaribiwa kwa mtu mmoja anayefanana na wasikilizaji na asiye mtaalamu wa mada. Mwandaaji humwambia sentensi hiyo mara moja, anaongeza maelezo ya dakika moja, kisha anaanzisha mazungumzo mengine. Kesho yake, bila kumtayarisha, anamuuliza: "Lile jambo la jana lilikuwa nini?"

Majibu huangukia makundi matatu. Mtu akisema jambo lilelile kwa maneno yake, sentensi iko tayari. Akisema mada tu, kwa mfano "uliniambia habari za sumukuvu", sentensi ina kitenzi dhaifu au haina kitu cha kushikika. Akisema jambo jingine, kwa mfano "uliniambia nitie chumvi kwenye mahindi", kuna neno linalopotosha, na ni afadhali ligunduliwe sebuleni kuliko mbele ya watu 80. Katika mfano huu kosa hilo linaweza kutokea kwa urahisi, kwa kuwa watu wamezoea chumvi kama kitu cha kuhifadhia chakula. Tiba yake ni kutobadili ujumbe na badala yake kuonyesha kipimo kwa vitendo, na kusema wazi kwamba mahindi ya kwenye chupa ni ya kupimia tu na hayarudishwi kwenye gunia.

Kutoka ujumbe hadi hoja tatu

Sentensi ikishathibitika, hoja hupatikana kwa kusikiliza maswali ambayo inayaibua yenyewe kwa msikilizaji. Kwa sentensi inayotaka watu watende jambo, maswali huwa matatu: kwa nini niamini, nifanyeje, na nikikwama je?

Kwa nini niamini? Hoja ya kwanza inaeleza kwamba kuvu huhitaji unyevu ili akue, kwamba gunia lililofungwa hushikilia unyevu huo kwa majuma, na kwamba sumu inayotokea haionekani wala haiishi kwa kupika. Hapa ndipo mkasa wa mwaka 2004 unapopata nafasi, kwa sentensi moja, kama ushahidi kwamba jambo hili huua. Ukielezwa kwa dakika tatu utaiba wasilisho zima, na wasikilizaji wataondoka na hofu bila kazi ya kufanya.

Nifanyeje? Hoja ya pili ni chupa mbili mezani, moja yenye mahindi makavu, nyingine yenye mahindi mabichi. Kwa kuwa kungoja dakika 15 kungemaliza kipindi, chupa zote mbili hutayarishwa kabla ya mkutano na kuletwa zikiwa tayari. Mzungumzaji huonyesha namna ya kutikisa kwa chupa ya tatu, kisha hupitisha zile mbili mikononi mwa watu.

Nikikwama je? Hoja ya tatu inarudi kwenye vikwazo vilivyoandikwa mwanzoni. Mvua ikitishia, mahindi hutandazwa tabaka jembamba juu ya turubai, hugeuzwa mara kwa mara na kufunikwa au kuingizwa ndani jioni. Mnunuzi akifika mapema, chupa inaonyeshwa mbele yake, naye ajue ananunua mahindi ya namna gani.

Vipande vingine vyote vilivyoandikwa kwenye hatua ya kumwaga havitupwi. Huwekwa kwenye ukurasa mmoja wa akiba kwa ajili ya maswali. Mtu akiuliza kuhusu viwango vya sheria au mifuko isiyopitisha hewa, jibu lipo, na limetolewa kwa aliyelihitaji.

Slaidi sasa

Hapa ndipo kompyuta inapofunguliwa. Kila slaidi inayopendekezwa huulizwa ni hoja ipi kati ya tatu inayoisaidia. Michael Alley, mwalimu wa uandishi wa kisayansi na kihandisi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, amefundisha kwa muda mrefu kwamba kichwa cha slaidi kiwe sentensi kamili inayodai jambo, na chini yake pawe na picha au mchoro unaolithibitisha, badala ya neno moja la mada na orodha ya vipengele. Njia hiyo inalingana vizuri na kazi iliyotangulia, kwa kuwa sentensi za hoja zimekwisha kuandikwa.

Katika mfano huu slaidi nne zinatosha: ujumbe wenyewe kwa herufi kubwa, picha ya punje zinazoonekana nzuri chini ya sentensi "Sumu haionekani kwa macho", picha ya chupa mbili chini ya sentensi "Chumvi ikishika, mahindi ni mabichi", na picha ya mahindi juu ya turubai. Umeme ukikatika, wasilisho linaendelea kwa chupa pekee.

Dalili za ujumbe uliokosewa

Kasoro nyingi zinaweza kuonekana kabla ya siku ya mkutano. Iwapo katika mazoezi sentensi yenye nguvu zaidi inasikika dakika ya tisa, baada ya "kwa kumalizia", huenda hiyo ndiyo ujumbe wa kweli, na ile ya mwanzoni ilikuwa utangulizi. Hupandishwa juu, na mengine hupangwa upya chini yake. Iwapo hoja mojawapo inaweza kuondolewa na ujumbe usitetereke, hoja hiyo ilikuwa ya wasilisho jingine. Iwapo mazoezi yanazidi muda kila mara, kuongeza kasi ya kusema hakusaidii. Hupunguzwa mifano ndani ya hoja, na sentensi ya ujumbe huachwa kama ilivyo.

Shinikizo la nje nalo lina dalili zake. Mkuu wa idara akisema "taja pia na habari ya mbolea", ombi hilo hujibiwa kwa kumwonyesha sentensi na kumuuliza ni ipi kati ya mbili anayotaka watu waondoke nayo. Akiitaka ya mbolea, wasilisho linabadilika lote. Akizitaka zote, huombwa nafasi ya pili kwenye ratiba au karatasi ya kugawa.

Mkutano ukichelewa na mwenyekiti akatangaza kwamba kila mzungumzaji apewe dakika tano, ujumbe uliochaguliwa vizuri unaonyesha mara moja kinachokatwa. Hoja ya kwanza inafupishwa kuwa sentensi mbili, onyesho la chupa linabaki, vikwazo vinaachwa kwa maswali. Mwenye slaidi 20 zilizopangwa kwa mada hana pa kukata.

Baada ya mkutano, kipimo kiko kwenye maswali. Yakiwa ya utekelezaji, kama vile chumvi ya mawe inafaa au haifai, au chupa ya plastiki inatosha, ujumbe umefika. Wakiuliza sumukuvu ni nini hasa, walipewa mada.

Mahali ambapo njia hii haitoshi

Yapo mawasilisho ambayo mwandaaji hana uhuru wa kuchagua. Taarifa ya utekelezaji ya robo mwaka inataka vifungu vyote vitajwe. Hata hapo huulizwa ni uamuzi gani mmoja unaoombwa kwa wajumbe; uamuzi huo huwa ujumbe unaotamkwa mwanzoni na mwishoni, na vifungu vingine hupelekwa kwenye kabrasha ambalo wajumbe wamelisoma. Mafunzo ya hatua nyingi, kama vile kuunganisha pampu ya maji, nayo hayabanwi kwenye sentensi moja. Yanahitaji muda mrefu na mikono ya wanafunzi wenyewe. Na pale ambapo wasikilizaji wamegawanyika kiasi kwamba nusu wanahitaji jambo moja na nusu jingine, kama wakulima na wanunuzi katika chumba kimoja, huchaguliwa kundi moja na kundi la pili huandaliwa kikao chake.